Ahero Ikifungwa, Uliza Kwanza Mvua Ilinyesha Wapi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja anayeuza samaki Nakuru. Mzigo wake ulikuwa umelala ndani ya pikapu upande wa Kisumu, kwa kuwa maji ya mto Nyando yalikuwa yamekata barabara karibu na Ahero, na kulipokucha dereva alimpigia simu kumwarifu kwamba angezungukia Miwani. "Mzee wangu, wewe umeizoea njia hii," aliniandikia, "angepita huko au angengoja maji yapungue?" Nimesafirisha samaki kati ya Kisumu na Nakuru kwa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba swali hilo halina jibu moja. Jibu hutegemea jambo ambalo dereva wake hakuwa ameliangalia, yaani mvua ya usiku uliotangulia ilinyesha upande gani.

Anayetoka Kisumu kwenda Nakuru kwa barabara kuu ya Kericho hupita Ahero, katikati ya tambarare ya Kano, ambayo imelala kama sahani kati ya milima na ziwa. Kaskazini yake kuna ngema ya Nandi, kusini kuna nyanda za juu za Nyabondo, na mashariki ardhi hupanda kuelekea Tinderet na Londiani. Maji yote ya pande hizo hushukia hapo yakitafuta ziwa, na yakifika kwenye ardhi isiyo na mteremko hupunguza mwendo, huacha matope ndani ya mto, kisha hupanda kingo na kutawanyika mashambani. Ndiyo maana Ahero hufurika hata siku ambayo mjini Kisumu hakujanyesha tone. Mvua iliyopiga Londiani jioni inaweza kuwakuta wenyeji wa Ahero usiku wa manane au kesho yake wakiwa chini ya jua kali. Tena ziwa lenyewe likiwa juu, kama lilivyokuwa mwaka wa 2020 lilipoingia katika nyumba za ufuoni, tambarare huchelewa kukauka, na anayesema atangoja saa mbili huenda akangoja siku mbili.

Kwa hiyo kosa la wengi ni kutafuta njia ya kando iliyo ndani ya tambarare hiyohiyo. Simu humwonyesha dereva kijia kifupi kinachopita kwenye mashamba ya mpunga, kikielekea kumtoa mbele ya maji, naye hugeuza usukani kwa furaha. Vijia vile vingi ni tuta la mfereji lililoshindiliwa kwa ajili ya trekta na baiskeli, na udongo wake ni ule mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Nimewahi kusaidia kuvuta gari lililokuwa limezama hapo hadi kwenye ekseli, ilhali juu ya ardhi hapakuwa na maji ya kuonekana. Maji yakishajaa tambarare nzima, hakuna kijia cha tambarare kitakachokuokoa. Fuata mto kuelekea juu, kwenye chimbuko lake, uuvuke ukiwa bado ndani ya kingo zake, au uhamie kabisa upande ambao maji yake hayashuki Kano.

Njia za kweli ni mbili, na zote huanzia makutano ya Mamboleo, juu ya Kondele. Ya kwanza hukata kulia, hupita Miwani na Chemelil katikati ya miwa, huvuka Nyando huko Muhoroni, kisha huungana tena na barabara kuu ya Kericho pale Kipsitet. Ya pili haigeuki Mamboleo. Hupanda moja kwa moja hadi Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, hukata kulia kupitia Kaimosi hadi Kapsabet, huingia Eldoret, kisha hushuka kwa Burnt Forest, Timboroa na Mau Summit hadi Nakuru. Ya kwanza huongeza umbali kidogo tu. Ya pili huongeza kilomita 80 au zaidi kidogo, na kwa gari lenye mzigo hiyo ni mafuta na saa za kutosha kula faida yote ya safari.

Kwa sababu hiyo kila mtu hukimbilia Miwani, naye dereva wa yule mama hakuwa peke yake. Lakini barabara ya Miwani hupita chini kabisa ya ngema ya Nandi, na huvuka vijito vyote vinavyoshuka kutoka huko, pamoja na Ainabngetuny, tawi la Nyando litokalo Nandi. Vijito hivyo ni vifupi na vina mteremko mkali. Mvua ikipiga juu ya ngema hujaa kwa muda mfupi, hubeba mawe na magogo, huziba kalvati, na maji hupita juu ya barabara. Uzuri wake ni kwamba hupungua upesi vilevile. Basi ikiwa mvua ilinyesha Londiani na Tinderet huku Nandi kukiwa kukavu, Miwani ni njia nzuri, kwa maana utauvuka Nyando huko Muhoroni, ambako mto umo ndani ya bonde lake. Ikiwa ilinyesha Nandi, Miwani ni mtego, hata kama ramani ya simu inaionyesha nyeupe na wazi.

Utajuaje ilinyesha wapi? Mimi hutazama mto ulio chini ya daraja la Nyamasaria. Mto ule ni Kibos, na unatoka upande wa Nandi, kwa hiyo ni shahidi wa yaliyotokea kule juu. Asubuhi moja ya Aprili, nikiwa na kreti za samaki aina ya ngege zilizojaa hadi kwenye turubai, nilikuta malori yamepangana yakielekea Ahero, na makondakta wameketi kando ya barabara wakinywa chai. Niliegesha, nikarudi kwa miguu hadi darajani. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yakibeba majani mabichi na shina la mgomba lenye mizizi yake. Majani mabichi yaling'olewa usiku huo, na mgomba mzima hauwezi kuelea mbali sana bila kukwama. Nandi kulikuwa kumenyesha. Wenzangu wawili tunaofanya nao kazi waliamua kupitia Miwani, wakaniita nifuatane nao, na mmoja akaniambia kwamba ninaogopa maji kama paka. Nilipanda Kiboswa peke yangu.

Nilishinda barabarani, na Timboroa nilipita kwa taa katika ukungu mzito. Samaki walifika Nakuru wakiwa bado wagumu, macho yao yakiwa maangavu na ya kung'aa. Wenzangu walizuiwa kabla ya Chemelil na kijito kilichokuwa kimebomoa ukingo wa kalvati, wakarudi mjini, na mzigo wao wakauuza kwa bei ya kutupa. Sioni haya kusema kwamba nilijivunia siku hiyo, na bado najivunia. Kilichoniuma ni mteja wangu, mwenye hoteli, ambaye alipokea samaki wote, akawasifu, kisha akakataa kuchangia hata nusu ya mafuta ya kuzunguka. "Njia ni shida yako," aliniambia. Nitalirudia jambo hilo.

Ukishachagua njia, watu ndio watakaokuthibitishia, lakini lazima ujue kuwauliza. Ukimwuliza kijana wa bodaboda kama njia inapitika, atakujibu inapitika, kwa kuwa yeye amepita na pikipiki yake, na mara nyingine ilibebwa mabegani. Muulize gari la mwisho kupita lilikuwa la aina gani, lilitoka upande gani, na saa ngapi. Bora zaidi ni kumsimamisha dereva anayekuja kutoka mbele. Tazama magurudumu na milango ya gari lake, maana alama ya matope itakuonyesha maji yalimfikia wapi. Na ikiwa umeendesha kwa muda mrefu bila kukutana na lori wala matatu ikitoka mbele, hiyo ni taarifa tosha. Geuka ukiwa bado na mahali pa kugeukia. Matangazo ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu nchini Kenya, kuhusu barabara zilizofungwa ni ya kuaminiwa, ila barabara ndogo hazimo humo, na kijito hakingoji tangazo.

Utakapokutana na maji juu ya lami, usiyapime kwa macho. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuinua gari dogo, na sentimita 60 husomba magari mengi, hata yale yaliyoinuka juu. Lakini kina si hatari pekee. Simama utazame pande zote mbili za barabara. Ikiwa maji yako juu sana upande mmoja na chini upande wa pili, barabara imegeuka kuwa bwawa, na udongo ulio chini yake unaliwa. Ukiona maji yakizunguka na kufyonzwa mahali pamoja upande wa juu, au bega la barabara limepasuka kwa mstari mrefu, kuna shimo chini ya lami inayoonekana nzima. Darajani hali ni hiyohiyo. Mara nyingi nguzo husimama imara, ila udongo unaounganisha daraja na barabara huchimbwa, na gari hutumbukia kabla halijaligusa daraja lenyewe. Watu wamekufa kwa sababu waliona lori likipita wakadhani lami imewapa idhini. Lori hilo huenda ndilo lililomalizia kuivunja. Ndugu zangu madereva, hakuna mzigo wa samaki wenye thamani ya utingo wako, na mwenye mali anayekushurutisha uvuke mpe funguo avuke yeye.

Mama, nirudi kwako. Dereva wako angetazama daraja la Nyamasaria, na kama maji yalikuwa safi na ya chini, Miwani ilimfaa. Kama yalikuwa mekundu, angepanda Chavakali mapema, kabla ya saa nne, ili ukungu wa Timboroa usimkute usiku. Jambo la pili ni barafu. Katika joto letu kilo moja ya samaki huhitaji karibu kilo moja ya barafu, ikipangwa kwa tabaka na si kumwagwa juu tu, na kreti ziwe na matundu ili maji yaliyoyeyuka yatoke. Msimu wa mvua pakia kana kwamba utapitia Eldoret hata kama unatarajia Ahero, maana barafu ya kuongeza njiani ni vigumu kuipata. La tatu ni nauli. Tangu siku ile ya mwenye hoteli, kila Machi ninapatana na wateja wangu kwa maandishi ya simu kwamba Ahero ikifungwa, mafuta ya kuzungukia Kapsabet tunagawana nusu kwa nusu, na asiyetaka hupokea samaki wake siku barabara itakapofunguliwa. Wawili walikataa, nami nikaacha kuwapelekea.