Asilimia 10 ya seti nzima itakula faida ya simu yako

"Wakuu, nina fremu ya simu Mbagala. Nataka niuze simu, kava na protekta kama seti moja. Nijumlishe bei zote halafu nitoe asilimia 10? Na bango liweje, na bei ya haki kwa mteja ni ipi?"

Mkuu, kama bango hujalichapisha, usilichapishe. Hiyo asilimia 10 ya jumla ndiyo iliyonimaliza Desemba, nikiwa na fremu yangu Kariakoo. Nimesoma swali lako moyo ukinidunda, maana hesabu yako ndiyo niliyoipiga mimi.

Hebu chukua simu moja tu, ile iliyokuwa inatoka sana. Nilikuwa naichukua kwa jumla 285,000 na kuiuza 310,000. Faida 25,000. Kava lake nachukua 2,500 nauza 10,000. Protekta nachukua 1,000 nauza 5,000, kubandika bure. Mteja akinunua vyote kimoja kimoja analipa 325,000, na mimi nabaki na 36,500.

Sasa toa asilimia 10 kwenye hiyo 325,000. Umetoa 32,500. Seti inauzwa 292,500, na mtaji wako ndani yake ni 288,500. Umebakiwa na 4,000. Umeuza simu nzima, umefungua boksi, umebandika protekta kwa jasho, umemwekea mteja laini, kwa 4,000! Ungemuuzia simu tupu bila kumpa hata mfuko, ungepata 25,000.

Sababu ni rahisi sana na mimi sikuiona. Simu ina bei kubwa lakini faida nyembamba. Yangu ilikuwa kama asilimia 8 ya bei. Kava lina bei ndogo lakini faida nene, robo tatu ya bei yake ni yako. Ukikata asilimia 10 ya vyote kwa pamoja, karibu punguzo lote linaangukia kwenye simu, pale ambapo huna nyama ya kukata.

Na hapo bado hujafika kwenye kidonda chenyewe. Mteja wa Kitanzania haichukui seti kimya kimya. Anasoma bango: seti 292,500. Anauliza, "Kava peke yake bei gani?" Unamwambia 10,000. "Na protekta?" 5,000. Anakaa kidogo, halafu: "Basi kaka, mimi kava ninalo, protekta sitaki. Toa hiyo 15,000, nipe simu kwa 277,500." Utamjibu nini? Hesabu yake iko sawa, bei umeandika mwenyewe ukutani. Ukimwambia simu tupu ni 310,000, anaona unamfanya mjinga: iweje simu bila kava iwe ghali kuliko simu yenye kava? Nilikuwa nabishana mpaka wateja wengine wanaondoka, mwishowe naachia kwa 280,000. Chini ya bei niliyochukulia.

Mwezi ule niliuza seti 23 na simu tupu 8 za namna hiyo. Daftari la mauzo lilisoma 8,967,500 na nilijiona nimefika. Kwenda kuchukua mzigo mpya ndipo nikajua. Seti 23 zilinipa 92,000, zile simu 8 zikala 40,000. Faida ya simu 31 ikawa 52,000, wakati kwa bei yangu ya zamani simu hizo hizo, tupu, zingenipa 775,000. Kodi ya fremu niliilipa kwa kukopa kwa shemeji.

Na aliyenifundisha nilimlipa! Darasa la biashara la kwenye WhatsApp, 50,000 kwa wiki mbili. Mwalimu anasema kwa sauti ya kujiamini: jumlisha, toa asilimia 10, mteja apende. Hakuna siku aliyouliza mtu yeyote mle ndani anachukua mzigo wake kwa bei gani. Mtu anayekupa asilimia kabla hajajua faida yako ilipo hajawahi kusimama nyuma ya kaunta. Bado inaniuma, kwa sababu tulikuwa wengi kwenye kundi lile na wengine walikuwa wameweka kiinua mgongo chao.

Kanuni yangu sasa ni moja na siivunji: bei ya simu haiguswi, punguzo lote litoke kwenye kava na protekta. Simu inabaki 310,000. Kava na protekta, ambavyo kimoja kimoja ni 15,000, ndani ya seti vinakuwa 10,000. Seti ni 320,000. Bangoni naandika hivi hivi: simu 310,000, ongeza 10,000 upate kava na protekta. Mteja akisema toa kava, anatoa 10,000 na anarudi kwenye 310,000. Ubishi umekwisha, na hakuna aliyedanganywa. Mimi kwenye seti nabaki na 31,500, yaani 6,500 zaidi ya simu tupu.

Lakini hata hiyo 5,000 unayoachia usiiachie gizani. Wapo wateja ambao wangenunua kava na protekta kwa bei kamili bila kushawishiwa, na kwa kila mmoja wao seti inakupotezea 5,000. Kwa hiyo, wiki moja kabla ya kuanza, kaa na daftari uandike: katika kila wateja 10 wa simu, wangapi wanachukua vyote? Kwangu walikuwa 3. Hao wananipotezea 15,000. Ili nirudishe nahitaji watu 3 wengine, waliokuwa wanaondoka na simu tupu, wachukue seti. Hao wananiletea 19,500. Wakiwa 2 tu ni 13,000, nimepata hasara. Wiki ya kwanza walikuwa 4, ndiyo maana nimeendelea. Kama kwako wateja 8 kati ya 10 tayari wanachukua vyote, seti haina kazi dukani kwako, acha.

Umeuliza pia bei ya haki. Kwangu haki ni kwamba ile 15,000 unayomwambia mteja ameokolea 5,000 iwe bei uliyokuwa unauza kweli juzi. Usipandishe kava hadi 20,000 asubuhi ili jioni useme unamwachia nusu bei. Kupotosha mnunuzi kuhusu bei kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2003, na mteja mwenyewe akitoka nje atapita vibanda vitatu vinavyouza kava hilo hilo kabla hajafika kituoni. Na kimoja kimoja viendelee kuuzwa. Usimlazimishe mtu kava ili apate simu.

Kwenye risiti andika kila kitu kwenye mstari wake na bei yake: simu 310,000, kava na protekta 10,000. Niliwahi kuandika "seti 292,500", simu ikarudi siku ya nne na tatizo la kioo, mteja anataka hela yote na kava lishapasuka. Tulibishana nusu siku kwa sababu risiti haikusema simu ilikuwa shilingi ngapi.

Sasa chukua daftari, tafuta simu zako unazichukua kwa bei gani na kava kwa bei gani, uziandike hapa chini. Tupige hesabu pamoja kabla fundi wa mabango hajachukua hela yako.