UU au CD: udongo mmoja, namba mbili

Swali: "Shikamoo injinia. Nasimamia nyumba ya ghorofa hapa Tanga, upande wa mikokoni, na kuna shimo la tangi la mita 4. Ripoti ya traiaksio imeleta UU cu = 30 kPa, halafu CD c' = 5 kPa na φ' = 24°. Mfinyanzi ni uleule, sasa nishike ipi?"

Marahaba. Zote mbili, ila usizichanganye kwenye hesabu moja. Traiaksio ni kipimo cha maabara cha nguvu ya udongo: UU ni ya haraka bila kutoa maji na inakupa cu, CD ni ya polepole maji yakiachwa yatoke na inakupa c', yaani mshikamano wa udongo, na φ', pembe ya msuguano wa chembe zake. Msingi wa nyumba unaanza na UU, zile kingo za shimo zinaenda na CD.

Kwenye UU fundi wa maabara anavalisha sampuli soksi ya mpira, anaweka kwenye seli, anapandisha presha ya maji pembeni huku valvu ya kutolea maji imefungwa, kisha anaibonyeza kutoka juu haraka tu, dakika kumi au kumi na tano kazi imeisha. Maji ya ndani ya udongo hayana pa kutokea, kwahiyo presha yote uliyoongeza pembeni yanaibeba yenyewe, chembe za udongo hata hazijui kama umeongeza. Ndo maana sampuli tatu kwenye presha ya 100, 200 na 400 zinavunjika kwa mzigo wa juu unaokaribiana, kwako tuseme 62, 58 na 60 kPa, unagawa kwa mbili unapata 30. Ukiona ripoti ya UU ina pembe ya msuguano, labda digrii 8 hivi, shtuka kidogo. Mara nyingi sampuli haikujaa maji, pengine ilikauka njiani kwenye gari, angalia kiasi cha maji kilichoandikwa ulinganishe na kile kilichopimwa siku ya kuchimba.

Hiyo cu ni nguvu ya leo, kabla maji hayajatoka. Nyumba inapopandishwa juu ya mfinyanzi laini siku mbaya ni zile za mwanzo, baadaye maji yanajikamua polepole na udongo unakaza. Kwa msingi mrefu wa ukuta, mzigo wa kuvunja udongo ni cu mara 5.14, kisha unagawa kwa 3 ya usalama:

```
qu = 5.14 × 30 = 154 kPa
154 / 3 = 51 kPa
```

Hapo sijajumlisha uzito wa udongo ulio juu ya kina cha msingi, ongeza mwenyewe. Na hiyo 51 ni ya kutovunjika tu, nyumba kutitia ni kipimo kingine kabisa, usikitafute kwenye traiaksio.

CD ni kinyume chake. Sampuli inajazwa maji mpaka ishibe, inaachwa ikae chini ya presha huku inakamuka, ndo inabonyezwa na valvu iko wazi, tena polepole mno ili presha ya ndani isipande. Kwa mfinyanzi hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Ndo maana ni ghali na ndo maana wengine wanaikimbiza. Ukikuta wamesema CD ya mfinyanzi imeisha asubuhi moja, hiyo sio CD, ni kitu katikati ambacho hakina jina. Kama hela ni ndogo omba CU, ile inayokamuliwa kwanza halafu inabonyezwa valvu imefungwa, yenye kupima presha ya maji ya ndani, inakupa c' na φ' zilezile kwa muda mfupi zaidi.

Sasa shimo lako. Kuchimba ni kuondoa mzigo, udongo unataka kuvimba, maji ya ndani yanavutwa kama kwenye sponji na huo mvuto ndo unaoshika ukuta usimame. Siku zinavyoenda maji yanaingia, mvuto unakufa, nguvu inashuka. Chukua uzito wa udongo 18 kN/m³ tupime kina ambacho ukuta wima unaweza kusimama wenyewe, ile 57° ni 45 na nusu ya 24:

```
UU: 4 × 30 / 18 = 6.7 m
CD: (4 × 5 / 18) × tan(57°) = 1.7 m
```

Umeona. Kwa UU mita 4 unachimba unacheka, kwa CD hata nusu yake hufiki, na hiyo 1.7 ni bila maji kabisa. Nilishawahi kusimamia mtaro wa hivihivi, ulisimama wima siku tisa kama umechongwa, mkandarasi akaniambia injinia unaogopa bure, siku ya kumi ukuta ukalala wote wakati wa chakula cha mchana. Bahati watu walikuwa kwa mama ntilie.

Kwahiyo laza kingo au weka mihimili ya kuzuia, na hata siku ya kwanza usimshushe mtu kwenye ukuta wima wa mita 4 eti UU imeruhusu, mpasuko mmoja juu ukijaa maji ile 6.7 haipo tena. Halafu unapotumia c' na φ' lazima kwanza utoe presha ya maji yaliyomo ardhini, kwahiyo toboa shimo dogo uweke bomba upime maji yako wapi, na usipime maji mafu ukaridhika, ngoja bamvua.