Sentensi ya pili ndiyo iliyoniponza

Swali la wiki: "Ukisimama mbele ya mkubwa wa kazi, unawezaje kuzungumza naye bila kuganda ulimi wala kujipendekeza?"

Mimi sikuganda. Ukweli niliusema wote, kisha nikaumeza mwenyewe kabla mkubwa hajaujibu.

Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha sukari huku magharibi. Alasiri moja meneja mkuu alikuja pamoja na msimamizi wetu, akasimama dirishani kwangu na kuuliza, "Kuna shida yoyote hapa?" Msimamizi akawahi kujibu, "Hakuna, bosi, mambo ni shwari." Nje foleni ya matrekta ilikuwa imefika barabarani, na miwa ya trekta la mbele ilikuwa imekatwa siku tatu nyuma, ncha zake zilikuwa zimekauka na kuwa nyekundu, na harufu ya kuchacha ilinifikia pale nilipoketi. Mkulima wetu alilipwa kwa uzito, na muwa uliokatwa hupoteza maji kadiri unavyokaa juani, huku sukari iliyomo ikiharibika, kwa hiyo foleni ile ilimtia hasara yeye na kiwanda pia.

Nikasema, "Samahani, mzee. Matrekta 14 hayajapimwa tangu jana, na miwa ya lile la mbele ina siku tatu." Akanyamaza, akiangalia nje. Kimya kile hakikuzidi pumzi tatu, lakini kilinishinda, nikaongeza, "Lakini si neno, mzee, tutajitahidi, itaisha tu." Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Vizuri, jitahidini," akaenda zake. Trekta lile lilipimwa kesho yake saa tano.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuyalaumu maneno kama "mzee" na "bosi", kwamba ndiyo yanayotudumaza. Sasa naona sivyo, kwa sababu "samahani, mzee" ndiyo iliyonipa njia ya kumpinga msimamizi bila kumvunjia heshima. Kujipendekeza kwangu kulikuja baadaye, katika ile sentensi ya kumtuliza mtu ambaye hata hakuwa amekasirika; huenda alikuwa akihesabu matrekta tu. Mahali pake palistahili ombi ambalo angeweza kulikubali au kulikataa papo hapo: "Naomba ruhusa tupime kwanza miwa yenye siku tatu." Baada ya hapo ningefunga mdomo, hata kimya kingekuwa kirefu namna gani.

Hata hivyo, mwezi uliofuata nilipangiwa zamu za usiku mfululizo, na aliyepanga zamu ni msimamizi yule yule. Kwa hiyo, pamoja na yote niliyosema, leo ningemwambia kwanza msimamizi faraghani kuhusu lile trekta, na kwa meneja ningesema tu iwapo ameniuliza mimi mwenyewe, na miwa bado iko pale nje.

Msomaji, Kisumu