Laini ya Nansio ikikata, seva mbili haziwezi kubaki na salio moja

Nimepitia skripti ya kijana wetu mmoja wa fildi na nimekuta kitu kile kile ambacho kila kundi jipya huja nacho. Seva ya akiba inaipigia `ping` seva kuu, na ikikosa jibu mara tatu inajipandisha cheo na kuanza kupokea miamala. Juu ya skripti ameandika kwamba mfumo sasa hauzimiki na data haipishani. Wadogo zangu, kazi mnaiweza na nawapenda kwa moyo mnaouweka, ila sentensi hiyo haiwezekani, na ninataka muelewe sababu kabla hamjagusa tena seva za SACCOS yoyote hapa Kanda ya Ziwa.

1. Ukimya hausemi umetokana na nini.

Mazingira mnayajua. Seva kuu iko Mwanza mjini, ya akiba iko Nansio kule Ukerewe, na katikati kuna ziwa na laini ya redio. Sasa laini imekata. Seva ya Nansio haipati chochote kutoka Mwanza. Inajua nini? Inajua tu kwamba haijasikia kitu. Huenda Mwanza umeme umezimika na seva imekufa. Huenda seva iko hai, tela wanaendelea kutoa fedha, na kilichokatika ni redio tu. Ukiwa Nansio, hali hizo mbili zinafanana kabisa.

Halafu mteja anasimama dirishani Nansio na kuuliza salio. Seva inaweza kujibu kwa kile ilicho nacho, au ikakataa. Chukua hali ya kwanza: tangu laini ikate, Mwanza hakuna aliyegusa akaunti hiyo. Hali ya pili: Mwanza kuna mtu ametoa laki nne. Kwa kuwa hakuna ujumbe uliovuka ziwa, seva ya Nansio itajibu vilevile katika hali zote mbili, na katika mojawapo jibu hilo ni uongo. Ukitaka isiseme uongo kamwe, lazima ikatae hata siku ambayo jibu lake lingekuwa sahihi, maana haina namna ya kuitambua siku hiyo. Hapo hakuna ujanja wa programu uliobaki. Kumwambia mteja asubiri mpaka laini irudi nako ni kukataa, ila kwa lugha ya upole.

Mwanasayansi wa kompyuta Eric Brewer alilitoa jambo hili, linalojulikana kama nadharia ya CAP, kama dhana mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha mwaka 2002 kwa hoja ya aina hiyo hiyo. Ulinganifu kwao ni kwamba kila anayesoma anaona andiko la mwisho lililokamilika, kana kwamba nakala ni moja tu. Upatikanaji ni kwamba kila seva iliyo hai, ikipokea ombi, inalijibu. Msikariri ule msemo wa "chagua mbili kati ya tatu", yaani ulinganifu, upatikanaji na kuvumilia kukatika kwa mtandao. Kukatika kwa mtandao si kitu unachokichagua, kinakujia. Laini ikiwa nzima unaweza kuwa na vyote viwili. Ikikatika ndipo unalazimika kuachia kimoja.

2. Kosa lililotuumiza.

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu skripti ya kijana wetu ni ndugu wa damu wa skripti tuliyoiweka sisi, kwenye ushirika mmoja wa akiba na mikopo ambao sitautaja. Tuliijadili mezani, tukaikubali, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioikubali. Tuliamini tumejilinda dhidi ya kufa kwa seva. Hatukuuliza itakuwaje seva zote mbili zikiwa hai na laini tu ndiyo imekufa.

Asubuhi moja laini ya redio ikakata. Skripti ya Nansio ilihesabu `ping` zake, ikaita `SELECT pg_promote();` na seva ya akiba ikawa seva kuu. Mwanza nako hakuna aliyeiambia seva iache kazi, ikaendelea kuwa kuu. Tela wa pande zote mbili hawakuona tofauti yoyote. Skrini zilifunguka, risiti zikatoka. Kwa macho ya wateja siku ile mfumo ulikuwa mzuri kuliko kawaida.

Kuna kikundi cha wavuvi kilichokuwa na shilingi 600,000. Mhazini wao alikuwa Mwanza akinunua nyavu, akatoa 400,000. Mwenyekiti alikuwa Nansio na mashine ya boti imeharibika, akatoa 450,000. Kila mmoja alikuwa mwaminifu, na kila seva ilikagua salio kabla ya kulipa, kama ilivyoagizwa. Mwanza ikabakiza 200,000, Nansio ikabakiza 150,000, na pesa taslimu iliyotoka ni 850,000 kwenye akaunti ya laki sita. Sharti tuliloliweka ndani ya jedwali, kwamba salio lisishuke chini ya sifuri, halikuvunjika popote. Ukiliangalia kwenye kila seva peke yake, limetimia.

Laini iliporudi jioni tuliuliza swali moja kwenye seva zote mbili:

```
SELECT pg_is_in_recovery();
```

Zote zikajibu `f`. Seva ya akiba hujibu `t`, hivyo `f` mbili maana yake una wakuu wawili, na hakuna anayemfuata mwenzake. Kuna mwenzetu alitaka kuendesha `pg_rewind` ili Nansio irudi nyuma hadi pale walipoachana na kuifuata Mwanza. Tulimzuia kwa bahati. Amri hiyo ingefuta kumbukumbu zote za Nansio za siku ile, ilhali fedha zilishatoka mlangoni na zimeshanunua spea.

Namba za risiti zilitudanganya kwa muda. Risiti ya mwisho iliyovuka ziwa ilikuwa 41,207, lakini Nansio ilianza na 41,235. Tukafurahi kwamba namba hazikugongana. Sababu ya pengo ni kwamba PostgreSQL, hifadhidata tuliyoitumia, huandika namba za mfuatano kwenye kumbukumbu zake kwa kutangulia hadi 32 mbele, kwa hiyo seva iliyopandishwa cheo huruka kidogo. Mwanza yenyewe iliendelea na 41,208 na kupanda, na kabla ya saa sita mchana ilikuwa imeshaipita 41,235. Kuanzia 41,235 kila namba iliyotoka pande zote mbili ilikuwa na wateja wawili tofauti.

Tulitoa nakala kamili ya kila upande, tukaketi na vitabu vya risiti vya karatasi, tukalinganisha mstari kwa mstari. Mhazini wa wavuvi alikuja na kitabu chake na kumwambia mwenzetu, "Mwanangu, mashine yako iliniambia zimebaki laki mbili. Leo unaniambia tunadaiwa laki mbili na nusu. Nimwamini nani?" Mzee alikuwa na haki. Ushirika ndio uliobeba upungufu huo, na kikundi kikaulipa polepole kwa makato waliyokubaliana.

3. Kunakili kwa kusubiriana hakuondoi uchaguzi, kunachagua.

Wengine mkisikia habari hii mnakimbilia kuweka `synchronous_standby_names`, ili Mwanza isikamilishe muamala mpaka Nansio ithibitishe. Sawa, ila jueni mmechagua nini. Laini ikikata, kila `COMMIT` ya Mwanza itaning'inia mpaka Nansio irudi. Mmeshika ulinganifu na mmeachia upatikanaji, tena Mwanza, kwenye wateja wengi. Na mkiwa na haraka mkaukatisha muamala uliokwama, someni onyo linalotoka:

```
WARNING:  canceling wait for synchronous replication due to user request
DETAIL:  The transaction has already committed locally, but might not have been replicated to the standby.
```

Yaani umeshaandikwa Mwanza. Tela akirudia muamala huo kwa kudhani umefutika, mteja anakatwa mara mbili.

4. Seva ya tatu inaamua nani akose huduma.

Wekeni mpiga kura wa tatu, na seva iruhusiwe kuandika tu ikiwa upande wake una kura mbili kati ya tatu. Hapo wakuu wawili hawawezekani, maana makundi mawili yote hayawezi kuwa na wengi kwa wakati mmoja. Lakini Nansio ikibaki peke yake itakataa kutoa fedha hata ikiwa nzima kabisa, na hilo mumweleze meneja wa tawi kabla, asije akalijulia dirishani. Muangalie pia mnamweka wapi. Mpiga kura akiwa jengo moja na seva ya Mwanza, umeme wa jengo ukienda kura mbili zimezimika pamoja, na Nansio iliyo hai haitaweza kupanda cheo.

5. Amueni kwa kila aina ya muamala.

Hapa ndipo ningependa muumize vichwa zaidi, kwa sababu hoja ya Brewer haisemi mfumo mzima uchague kitu kimoja. Kuweka fedha kunaweza kupokelewa Nansio hata laini ikiwa imekata. Amana mbili zikijumlishwa kwa mpangilio wowote jumla ni ile ile, mradi mnahifadhi miamala yenyewe na si salio lililokwisha kukokotolewa, na kila muamala una namba isiyoweza kujirudia upande wa pili. Kutoa ndiko kwenye hatari, kwa sababu kunategemea salio la wakati huo.

Kwa kutoa, tuliishia kugawa mapema. Kila akaunti ina sehemu inayoweza kutolewa Nansio bila kuuliza Mwanza. Wale wavuvi walikubaliana laki moja na nusu iwe ya Nansio, na Mwanza ikawa na mipaka ya laki nne na nusu iliyobaki. Laini ikikata, kila upande unatumia fungu lake, na hata yakiisha yote mawili jumla haivuki 600,000. Mwenyekiti mwenye mashine mbovu angepata 150,000 na kuambiwa nyingine asubiri laini. Angekasirika, na kusema kweli angekuwa na sababu, maana kikundi chake kina fedha. Hiyo ndiyo bei, na ni wao walioichagua wakiwa wametulia, laini ikiwa nzima. Mafungu yanarekebishwa tu pale seva zinapoongea.

6. Jaribuni kukata laini, msijaribu kuzima seva.

Kijana wetu aliniambia amejaribu skripti yake na imefanya kazi. Nikamuuliza alijaribuje, akasema alizima seva kuu. Hilo ni jaribio la kifo, na kwa kifo skripti yake iko sawa. Kata laini huku zote mbili ziko hai, kwenye mashine za majaribio. Ukiwa Mwanza, kama anwani ya Nansio ni 10.8.0.2:

```
iptables -A INPUT  -s 10.8.0.2 -j DROP
iptables -A OUTPUT -d 10.8.0.2 -j DROP
```

Tumieni `DROP`, si `REJECT`, kwa sababu `REJECT` hurudisha jibu la kukataliwa, na redio iliyokufa hairudishi jibu lolote. Kisha toeni fedha kwenye akaunti ile ile pande zote mbili. Upande mmoja lazima ukatae au usubiri, au kila upande ukomee kwenye fungu lake. Zote mbili zikilipa zaidi ya hapo, leteni skripti tuifumue pamoja.