Thibitisha au dhibitisha? Herufi za chuoni kwa mwenye disleksia anayeandika barua za kazi

Msomaji mmoja wa Chake Chake, karani mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, ameandika kuuliza. Kila akitaka kutuma baruapepe ya ofisi hukwama kwenye maneno yale yale. Huyatazama kwenye kamusi, akatuma, na wiki ya pili huyatazama tena kana kwamba hajawahi kuyaona. Anataka njia ya kuyaweka kichwani.

Njia nyingi zinazofundishwa zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho tahajia yake ni vurugu tupu. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye disleksia wa kwetu hukwama zaidi pahali pachache: kwenye th, dh na z, kwenye gh na h, na kwenye mpangilio wa silabi ndani ya neno refu. Maneno yenye mitego hiyo mengi yametoka Kiarabu, na hayo ndiyo maneno ya barua rasmi. Aliyepita chuoni, yaani chuo cha Kurani, Unguja au Pemba ameshazihifadhi herufi za Kiarabu tangu utotoni, kwa sauti na kwa kuimba, na mara nyingi kumbukumbu hiyo imekaa imara kuliko ya skuli. Basi tuitumie.

Chukua sentensi hii, ya aina anayoiandika kila mwezi: "Tunadhibitisha kuwa semina imehairishwa, na orodha ya mahuzurio itatumwa baadaye." Makosa matatu, kila moja la namna yake.

La kwanza, dhibitisha. Ulimi wa th na wa dh unakaa pahali pamoja, baina ya meno. Tofauti iko kooni peke yake. Weka vidole viwili kooni, vuta th kwa sekunde mbili, kisha dh. Kwenye dh koo linatetemeka, kwenye th limetulia. Disleksia hulifanya sikio lichelewe kuitenga tofauti ndogo kama hii, lakini vidole havichelewi. Kisha litafutie neno jamaa yake ambalo huna wasiwasi nalo: thabiti. Herufi yake chuoni ni thee, ile yenye nukta tatu. Thabiti, thibitisha, uthibitisho, zote zinashika thee moja, kwa hiyo unahifadhi kitu kimoja na kupata maneno matatu.

Kudhibiti nako ni neno la Kiswahili, maana yake kuzuia au kuweka chini ya mamlaka, nalo lina dhwadi. Usijifunze thibitisha na dhibiti siku moja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na walimu wao pia: maneno yanayofanana yakiingia pamoja hushikana, na baadaye unakumbuka kwamba kuna mawili bila ya kukumbuka lipi ni lipi. Liweke la kwanza mpaka likae. La pili lisubiri wiki mbili au tatu.

La pili, imehairishwa. Hapa sauti zote zimo, zimepinduliwa tu. Likate neno kwa mstari pale kiambishi kinapokwisha: ime/ahirishwa. Ukishakata unaona shina linaanza na a. Jamaa yake ni akhera: alifu kwanza, khee baadaye, ree mwisho. Kuahirisha ni kusogeza mbele, na akhera ndiyo iliyoko mbele, kwa hiyo maana nayo inasaidia kushika. Angalia tu kwamba khee katika ahirisha imelainika ikawa h, kama ilivyokuwa katika habari na hatari.

La tatu, mahuzurio badala ya mahudhurio. Herufi ni dhwadi, jamaa zake hadhara na hadhira. Kanuni ya dh ni nyepesi: dhali, dhwadi na dhwaa zote tunaziandika dh. Idhini ina dhali, hudhuria ina dhwadi, hifadhi ina dhwaa. Huna haja ya kujua ni ipi kati ya tatu, mradi ujue si zee. Z inabaki kwa zee, kama lazima, zaidi na zamani. Vivyo hivyo ghaini huandikwa gh, ndiyo maana ni shughuli, si shuhuli.

Sasa namna ya kuliingiza neno. Kadi moja, neno moja. Mbele andika sentensi ya ofisi yenye pengo: "Tuna___ kupokea barua yako." Nyuma andika neno kwa herufi kubwa kiasi, herufi yenye shaka kwa rangi nyingine, na chini yake jamaa yake. Litazame, ligeuze, kisha liandike kwa kalamu huku ukitaja kila herufi kwa sauti: te, he, i, be, i. Sauti, mkono na jicho vifanye kazi pamoja. Geuza ulinganishe kwa kidole, silabi kwa silabi, kwa sababu jicho la haraka huona lilichotaka kuona. Likitoka sawa mara tatu, weka kando. Jijaribu tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kila mara ukianzia upande wa pengo. Kulisoma neno mara ishirini bila kulificha ni kazi bure. Linakuwa la kawaida machoni na bado halitoki mkononi. Ukikosea siku yoyote, kadi inarudi mwanzo. Maneno matatu kwa wiki yanatosha.

Wakati wa kuandika barua yenyewe, usisimame kwenye neno la shaka. Ukisimama unapoteza sentensi, na ukirudi unaunga mkia usio wake. Weka alama ## mbele ya neno uendelee. Sehemu ya anwani ya mpokeaji iache tupu mpaka mwisho, ili barua isiondoke na alama zake. Ukimaliza, tafuta ## kwa Ctrl+F, na kwa kila neno jiulize kwanza koo, kisha jamaa, kisha ndiyo ufungue kamusi. Kamusi ikifunguliwa kwanza, kumbukumbu haifanyi kazi na wiki ijayo uko pale pale. Baada ya hapo tafuta "dhibitish": likionekana popote, ni kosa.

Unapofungua kamusi, kwa mfano Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la mwaka 2010, vua viambishi kwanza. Usitafute tunathibitisha, tafuta thibiti. Alfabeti iandike wima kwenye kipande cha karatasi ukitumie kama alama ya ukurasa, maana kupanga herufi kichwani ni mzigo mwingine kwa mwenye disleksia.

Usitegemee mistari myekundu. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza hulipigia mstari karibu kila neno la Kiswahili, na hata kikagua tahajia cha Kiswahili hakiwezi kukwambia kwamba zamani ilitakiwa iwe thamani. Kibodi ya simu ni hatari zaidi, kwani hujifunza kosa lako na kukupendekezea. Kwenye Gboard, bonyeza pendekezo hilo kwa muda, kisha liburute kwenye pipa.

Njia hii ina mpaka wake. Haisaidii kitu kwenye r na l, wala kwenye maneno ya asili ya Kibantu. Pia khee haitabiriki, mara h mara kh, na utakuta watu wanaandika heri na kheri. Neno lenye khee liende kwenye kamusi moja kwa moja, kisha umbo ulilolikuta hapo ndilo liingie kwenye kadi.