Sufuri Zikizidi Kwenye Rejista ya Presha

Ukianza kazi kwenye kliniki ya presha hapa Nairobi, omba rejista ya mwezi uliopita na karatasi moja tupu. Chukua vipimo 50, uangalie ile namba ya juu, kisha uhesabu tarakimu ya mwisho ya kila kimoja. Mashine ya kupampu kwa mkono, ile yenye mshale, imechorwa mistari ya mbilimbili, kwa hiyo kipimo kinaishia 0, 2, 4, 6 au 8 tu. Kila tarakimu inatarajiwa kutokea mara 10 hivi. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii, kwenye kliniki moja ya Eastlands, sufuri zilikuwa 36.

Hapo nilifanya kosa ambalo sitaki mlirudie. Niliwaita wauguzi, nikawaonyesha karatasi na kuwaambia waache kukadiria. Baada ya wiki mbili sufuri zilikuwa zimepungua kweli, nikafurahi, mpaka nilipokutana na 137 na 141 kwenye ukurasa mmoja. Mashine ile haina mstari wa 137. Walikuwa wanatafuta namba za kuniridhisha, na mimi ndiye niliyewasukuma huko.

Siku iliyofuata niliomba kukaa kando ya sista mmoja mzoefu, foleni ikiwa imefika nje ya mlango. Alipampu, akafungua vali, na mshale ukaporomoka kama 10 kwa kila sekunde. Nikaelewa. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika hutoa pigo moja kwa sekunde, na sikio haliwezi kusikia kitu kati ya pigo na pigo. Tuseme presha ya mgonjwa ni 146 kwa 86. Pigo likija mshale ukiwa 150, kimya. Pigo linalofuata linaukuta mshale kwenye 140, na hiyo ndiyo sauti ya kwanza. Huku chini, sauti ya mwisho inasikika kwenye 90, kwa sababu pigo la baadaye linaukuta mshale umeshafika 80. Sista anaandika 140/90 bila kudanganya hata kidogo. Namba ya juu imeshuka, ya chini imepanda, na zote mbili zimeishia sufuri.

Tatizo ni kwamba 140/90 ndipo tunapoamua nani ana presha ya juu. Mwenye 136 na mwenye 144 wakiandikwa wote 140, mmoja anaweza kuanzishiwa dawa bila sababu, na yule wa pili akirudi na 138 baada ya mwezi, huwezi kujua kama dawa imemsaidia. Angalieni pia kama 138 zimerundikana huku 142 hazionekani. Hiyo mara nyingi ni huruma: mtu hataki kumpa mama wa watu habari mbaya, au hataki kuanza kujaza fomu nyingine.

Kwa hiyo mafunzo yetu sasa yanaanza na vali. Tunaweka saa mezani na kila mtu anajifunza kushusha mshale 2 hadi 3 kwa sekunde, kwanza bila mgonjwa. Kutoka 180 hadi 80 ni kama sekunde 40, na mtu asiyezoea huziona ndefu mno. Kisha tunatumia stethoskopu ya kufundishia, yenye masikio ya watu wawili. Wote wanasikiliza mkono mmoja, mpigo mmoja, na kila mmoja anaandika kwenye karatasi yake kabla ya kuongea. Wakipishana zaidi ya 4, mgonjwa anapumzika dakika moja, wanarudia. Hapo hakuna anayeitwa mwongo, kwa kuwa karatasi mbili ziko mezani na kila mtu anaona yake.

Msidhani mashine ya betri inamaliza tatizo, hata kama ndiyo mnayoiona kwenye mikoba waliyopewa wahudumu wa afya ya jamii mwaka 2023. Kwenye hiyo tarakimu zote kumi zinawezekana, kila moja kama mara 5 kati ya 50. Sufuri zikizidi huko, kuna mtu anapima watu watatu kisha anaandika kwa kumbukumbu. Kama mashine inahifadhi vipimo, fungua na ulinganishe na daftari. Sisi tulifunga kalamu kwa uzi kwenye mashine yenyewe, na sheria ni kuandika kabla ya kuvua mkanda.

Hesabu ya tarakimu ina mpaka wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo, na mtu aliyepanda ngazi mbio akapimwa bila kupumzika dakika 5 atatoa namba kubwa. Zote hizo zinaweza kuishia 4 au 6, na rejista ikaonekana safi. Kwa hiyo baada ya kuhesabu, mimi huingia chumbani na kukaa kwenye kile kiti cha kando asubuhi nzima.