Mashine ikisema HPV 16 POS: kinachotokea ndani ya seli na hatua za kuchukua

Siku hizi vipimo vya HPV, kirusi kinachoweza kuleta kansa ya mlango wa kizazi, vinafanyika kwenye mashine ileile ya GeneXpert inayopima kifua kikuu, kwa hiyo wanawake wengi zaidi hapa Dodoma watashika karatasi yenye maneno kama haya:

```
HPV 16         POS
HPV 18_45      NEG
OTHER HR HPV   NEG
```

Swali linalofuata karibu kila mara ni moja: "Sista, kwa hiyo nina kansa?" Jibu ni hapana. Lakini "hapana" peke yake haisaidii kitu, kwa sababu mama anaondoka na hofu ileile na huenda asirudi. Tunashauri kila anayetoa majibu haya, na kila anayeyapokea, aelewe kirusi kinafanya nini ndani ya seli. Ukielewa hilo, kila hatua ya kliniki inaeleweka, hata ile ya kupaka siki.

Tumchukue mama wa mfano, miaka 36, kutoka Chamwino, mwenye karatasi hiyo mkononi.

HPV ni kirusi kidogo sana. Vinasaba vyake vina herufi kama 8,000 tu na jeni zisizofika kumi. Hakina mashine yake ya kunakili vinasaba, lazima kiazime ya seli. Hapo ndipo tabu inapoanzia. Kirusi huingia kupitia michubuko midogo na kukaa kwenye seli za chini kabisa za ngozi laini ya mlango wa kizazi. Seli hizo za chini hugawanyika, kisha watoto wake hupanda juu, na wakipanda huacha kugawanyika na kuzima vifaa vyote vya kunakili. Kirusi kinataka kuzaliana huko juu, karibu na mahali pa kutokea, na huko vifaa vimeshazimwa. Kwa hiyo kinailazimisha seli iliyokwisha kustaafu irudi kazini.

Kazi hiyo inafanywa na protini yake iitwayo E7. Kila seli yetu ina protini iitwayo Rb, ambayo ndiyo breki ya mzunguko wa seli. Rb huwa imeishikilia protini nyingine, E2F, inayowasha jeni za kunakili vinasaba. Kwa kawaida seli huruhusiwa kuendelea pale tu inapopata ishara kutoka nje kwamba mwili unahitaji seli mpya. Ishara ikija, vimeng'enya vya CDK4 na CDK6 huibandika Rb fosfeti, Rb inalegea, E2F inaachiwa. E7 haisubiri ishara yoyote. Inaing'ang'ania Rb yenyewe, inaitoa kwa E2F, na ile ya HPV 16 inahakikisha Rb inavunjwavunjwa kabisa. Seli inaanza kunakili vinasaba vyake bila mtu kuiagiza, na vya kirusi vinanakiliwa humohumo.

Seli si mjinga. Ikiona kazi imeanza bila kibali, protini ya p53 hupanda, na huamua mojawapo ya mawili: kusimamisha mgawanyiko au kuiua seli. E7 peke yake ingeishia hapo. Ndiyo maana kirusi kinabeba E6. Hii hukamata kimeng'enya cha seli yenyewe, E6AP, na kukielekeza kwa p53. Kimeng'enya kinaibandika p53 alama ya taka, na mfumo wa seli wa kusafisha unaisaga. Jeni ya p53 iko salama kabisa, protini inatengenezwa kila saa, lakini haidumu. E6 pia huwasha telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, na hivyo kuiondolea seli ukomo wa mara inazoweza kugawanyika.

Hapa ndipo tofauti ya aina za HPV ilipo. HPV 6 na 11, zinazoleta vinyama vya sehemu za siri, nazo zina E6 na E7. Ila E7 yao inaishika Rb kwa ulegevu, na E6 yao haiiharibu p53. Matokeo ni vinyama vinavyokera, si kansa. Aina 16 na 18 pekee zinahusika na takribani asilimia 70 ya kansa zote za mlango wa kizazi. Mama wetu ana 16, kwa hiyo hatutamwambia arudi nyumbani asubiri tu.

Hata hivyo, bado hajafika kwenye kansa. Wakati kirusi kinaishi maisha yake ya kawaida, kina protini nyingine, E2, inayobana E6 na E7 zisizidi kiasi. Kinga ya mwili huondoa maambukizi mengi ndani ya miaka miwili hivi. Hatari inakuja pale maambukizi yanapong'ang'ania kwa miaka. Duara la vinasaba vya kirusi linaweza kukatika na kuingia ndani ya kromosomu ya seli, na mara nyingi linakatika palepale kwenye jeni ya E2. Breki ya kirusi chenyewe inapotea, E6 na E7 zinamwagika bila kipimo. Kwa kirusi hii ni ajali, maana kikishafika hapo hakiwezi tena kutengeneza virusi vipya. Kwa seli ndiyo mwanzo wa njia mbaya: inagawanyika bila Rb, inakusanya makosa ya vinasaba bila p53 ya kuyakagua. Njia hiyo huchukua kama miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na hatari yake ya kupata kansa hii ni kama mara sita ya mwenzake asiye na VVU.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye seli za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks huko Baltimore. Zina HPV 18 iliyojichomeka kwenye kromosomu. Watafiti waliporudisha E2 ndani ya seli hizo, E6 na E7 zilinyamaza, p53 na Rb zikaonekana tena, na seli zikaacha kugawanyika, baada ya miongo ya kukua maabara bila kukoma. Maana yake kansa hii inaendelea kuzitegemea E6 na E7 mpaka mwisho.

Kutokana na hilo, kipimo cha GeneXpert kinatafuta vinasaba vya eneo la E6 na E7. Sehemu nyingine za kirusi zinaweza kupotea kikijichomeka, hizi hubaki. Kipimo pia kinatafuta jeni moja ya binadamu ili kuthibitisha kwamba seli zimechukuliwa za kutosha. Isipoonekana, skrini huandika `INVALID`. Tumeona jibu hilo likisomwa kama "hana kitu". Si sahihi. `INVALID` maana yake kipimo hakijafanyika, sampuli irudiwe.

Turudi kwa mama. Hatua inayofuata ni kuangalia mlango wa kizazi kwa macho. Muuguzi anapaka ile siki, yaani asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja kamili, kisha anaangalia kwa taa nzuri. Seli zilizolazimishwa kugawanyika zina viini vikubwa vilivyosongamana na protini nyingi, na asidi huzifanya zionekane nyeupe nzito zenye ukingo unaoeleweka. Kwa maneno mengine, unaiona kazi ya E7 kwa macho. Kosa la kawaida ni haraka: sekunde ishirini hazitoshi. Kosa jingine ni dawa iliyochanganywa siku nyingi au kwa kukadiria. Kama una asidi kali isiyochanganywa, mililita 5 ndani ya mililita 95 za maji inakupa asilimia 5. Changanya ya siku hiyo tu, na chupa iandikwe tarehe. Weupe hafifu uliotawanyika bila ukingo mara nyingi ni uvimbe wa maambukizi mengine au seli zinazobadilika kikawaida.

Kwa mama wetu kuna doa jeupe karibu na tundu, limechukua kama robo ya uso unaoonekana, mwisho wake wote unaonekana na haliingii ndani ya mfereji. Huyu anafaa kuchomwa kwa kifaa cha joto: kichwa cha kifaa kinafika nyuzi joto 100 kwa sekunde 20 hadi 30, na kinarudiwa pale doa lisipofunikwa lote. Wengi hawahitaji ganzi. Atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, na anashauriwa asifanye ngono kwa wiki nne, au atumie kondomu kama haiwezekani. Homa, harufu mbaya au damu nyingi kuliko hedhi vimrudishe kliniki siku hiyohiyo. Kipimo kinarudiwa baada ya miezi 12.

Doa likizidi robo tatu ya uso, au likiingia kwenye mfereji, joto halifiki kote. Huyo apewe rufaa kukatwa kwa waya wa umeme, na kinyama kiende maabara. Vidonda vinavyovuja damu vikiguswa, au uvimbe kama koliflawa, visichomwe kabisa. Hiyo ni rufaa ya kuchukua kinyama, kwa sababu ukiunguza juu unaificha kansa iliyoko chini.

Majibu ya maabara yanaweza kutaja p16, na watu huchanganyikiwa. Protini hii kazi yake ni kuzuia CDK4 na CDK6, sasa inakuwaje iwe nyingi kwenye seli inayokimbia? Rb ikishaharibiwa, seli humwaga p16 kujaribu kusimama, lakini p16 inafanya kazi kupitia Rb, na Rb haipo. Ndiyo maana rangi ya p16 iliyoshika mfululizo na kwa nguvu hutumika kama alama ya E7 iliyo kazini.

Kirusi cha sarkoma ya Kaposi, ambacho wahudumu wa kliniki za VVU wanakifahamu, kinagonga mlango huohuo kwa njia nyingine: kinakuja na saiklini yake yenyewe inayoiwasha CDK6 bila kujali p16. Virusi tofauti, shabaha ni Rb ileile.

Chanjo nayo isieleweke vibaya. Imetengenezwa kwa maganda ya protini L1 tu. Haina vinasaba, haina E6 wala E7, kwa hiyo haiwezi kuambukiza. Kwa sababu hiyohiyo haimtibu mama wetu: seli zake zilizokwisha kuathirika hazionyeshi ganda hilo. Binti yake wa miaka 10 ndiye anayestahili. Tanzania sasa inatoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, shuleni na kwenye vituo vya afya, bila malipo.

Kwa waliovuka ukomo wa hedhi, tahadhari moja. Eneo ambalo kirusi hupenda huwa limeingia ndani ya mfereji, siki inapakwa na hakuna kinachoonekana. Mama wa miaka 55 mwenye `HPV 16 POS` na mlango wa kizazi "msafi" hajakaguliwa bado. Andika kwamba eneo halikuonekana, na umpe rufaa.